Sura imekaa vizuri lakini inaonekana stika: maswali ya kila siku kuhusu chenga, punje na ukali

Nina kastudio kadogo hapa Dodoma, upande wa Majengo, na kazi ninayoletewa kuliko zote saivi sio kupiga picha, ni kurekebisha. Kuna aliyefumba macho kwenye picha ya familia, kuna ndugu alikuwa safari siku ya sendoff, na kuna marehemu ambaye watu wanataka akae kati ya watoto wake. Vijana wanaojifunza huwa wanarudi kwangu na maswali yaleyale, nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Mifano mingi ni ya Photoshop. Kwenye Photopea menyu zinafanana karibu zote, na GIMP nimeitaja mahali pamoja tu.

## Ya kuanzia

Rangi nimelinganisha, mwanga unatoka upande uleule, shingo imekaa. Kwa nini bado inaonekana stika?

Kwa sababu jicho la mtu haliangalii rangi tu. Zumu mpaka 100% uangalie ngozi ya jirani yake kwenye picha, utaona ina vidoti vidogo vidogo, ina mchafuko fulani, na ukingo wa sikio au kola hauko kama umekatwa kwa wembe. Sasa rudi kwenye sura uliyobandika: ngozi safi kama sahani, kope unaweza kuzihesabu. Anayeangalia hatakwambia "chenga hazijalingana", atakwambia tu "huyu mmemuweka", na hapo ndo kazi imeshakufa.

Vitu vinavyotofautiana ni viwili: ukali, yani ukingo unavyobadilika kutoka giza kwenda mwanga, na chenga, yani ule mchafuko wa juu ya ngozi. Vinashughulikiwa kila kimoja kwa njia yake na kwa mpangilio maalumu, angalia swali la "Nianze na kipi".

Chenga zinatoka wapi hasa? Mbona picha ya mchana haina?

Mwanga unafika kwenye kamera kama mvua ya matone. Ukiweka ndoo mbili nje kwenye mvua kubwa zitajaa karibu sawa, lakini kwenye manyunyu moja itapata matone saba na nyingine kumi na mbili. Pikseli ni ndoo hizo. Jua la saa saba mchana hapa Dodoma unalijua lilivyo, ndoo zinajaa zote, ngozi inatoka safi. Ukumbini usiku mwanga ni manyunyu, halafu kamera inapandisha ISO, yani inakuza kile kidogo ilichopata pamoja na tofauti zake, na ndo unaona zile chenga. Kwenye vivuli zinaonekana zaidi kwa sababu huko ndoo zilikuwa karibu tupu.

Kwa hiyo mteja akikuletea selfi ya mchana uibandike kwenye picha ya ukumbini, jua kabisa utakutana na hili tatizo kabla hata hujafungua faili.

Punje na chenga ni kitu kimoja?

Watu wanachanganya na sio kosa kubwa, ila mimi nikisema punje namaanisha za filamu, zile picha za zamani, na chenga ni za kamera ya dijitali. Tofauti yake ina maana kwenye kazi. Punje za filamu zinaonekana zaidi kwenye sehemu za mwanga wa kati, kama shavu, na hazina mpangilio wa pikseli, ni mabonge madogo madogo. Chenga za dijitali zinakaa zaidi kwenye vivuli na mara nyingi zina rangi, vidoti vya zambarau na kijani kwenye suti nyeusi.

Nianze na kipi?

Kwanza ukubwa wa sura, halafu mwanga na rangi, halafu ukali, na chenga mwisho kabisa. Usiugeuze huu mpangilio.

Sababu yake ni kwamba kila hatua inaharibu zile chenga. Ukipunguza sura iwe nusu ya upana wake, pikseli nne zinakuwa moja, wastani wake unachukuliwa na chenga zinashuka karibu nusu. Ukiongeza mwanga kwa `Curves` chenga zinapanda. Ukilainisha kwa blur zinafutika. Sasa kama ulishaweka chenga nzuri mapema, alafu ukakumbuka kichwa ni kikubwa ukakipunguza, kazi yote imeenda na maji na unaanza upya.

## Ukali

Nitajuaje kama sura ni kali kuliko picha?

Tafuta ukingo unaofanana pande zote mbili: kola nyeupe na shingo, ukingo wa sikio, fremu ya miwani. Zumu mpaka 400% au zaidi, uone pikseli moja moja, alafu hesabu ni pikseli ngapi zinapita kutoka giza kabisa mpaka mwanga kabisa. Kwa jirani unaweza kupata 5, kwenye sura uliyobandika ukapata 2. Hapo umeshapata jibu bila kubishana na mtu.

Jirani ninayemsema ni wa mstari uleule. Hili wengi wanakosea. Kwenye picha ya watu waliopanga mistari mitatu, mara nyingi kamera imefokasi mstari wa mbele na wa nyuma wamelainika kidogo, kwa hiyo ukimlinganisha wa nyuma na bibi aliyekaa kwenye kiti mbele utamfanya awe mkali kuliko wenzake aliosimama nao.

Blur niweke kiasi gani? Mimi huwa nabahatisha.

Kubahatisha kunafanya kazi ukishazoea, ila kuna hesabu ndogo inakufikisha karibu. Chukua zile namba mbili za swali lililopita, kila moja izidishe kwa yenyewe, toa, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 2.5. Kwa mfano wetu: 25 toa 4 ni 21, kipeuo chake ni kama 4.6, gawa kwa 2.5 unapata 1.8. Hiyo ndo `Radius` ya kuanzia kwenye `Filter > Blur > Gaussian Blur`. Kwanini usitoe tu 5 kwa 2? Kwa sababu ulaini haujumlishwi kama shilingi, sura ina ulaini wake tayari na wa pili unaingia ndani ya ule wa kwanza.

Geuza leya kuwa Smart Object kabla, ili blur ibaki inabadilishika. Alafu angalia macho, sio mashavu. Mashavu yanaweza kudanganya hata kwa radius ya 4, macho hayadanganyi.

Na kama picha ilitikisika, yani kamera ilikuwa na shata ya polepole na mkono ukacheza, utaona taa na vikuku vimevutika upande mmoja. Gaussian haitakusaidia hapo, tumia `Motion Blur`, soma pembe ya mvutiko kwenye taa yoyote ya nyuma na uweke pembe hiyohiyo.

Kinyume chake: sura ndo imelainika, picha ni kali. Nifanyeje?

Hapa nitakuwa mkweli, hii ndo ngumu. Kulainisha ni kufuta, kila mtu anaweza. Kunoa hakurudishi kope ambazo kamera haikuziona, kunaongeza tu utofauti kwenye kingo zilizopo. `Unsharp Mask` kidogo, radius chini ya 1, inaweza kuziba pengo dogo. Pengo likiwa kubwa unapata ngozi kama imechongwa kwa panga.

Njia mbili zinazofanya kazi: omba picha nyingine ya huyo mtu, sisitiza hapo kabla hujapokea hela. Ikishindikana, punguza picha nzima. Ukishabandika na kumaliza, shusha kazi yote mpaka asilimia 70 hivi ya ukubwa wake na tofauti ya ukali inapungua pamoja nayo. Mteja aliyetaka A3 mwambie itakuwa A4, na mwambie kwanini.

Sura imetoka kwenye simu, ina mstari mweupe kuzunguka kichwa na ngozi kama plastiki.

Simu nyingi zinanoa picha zenyewe ndani kabla hujaiona, huo mstari mweupe ni kunoa kulikopitiliza. Ngozi ya plastiki ni ile biuti imewashwa. Ukiweka blur juu yake mstari hauondoki, unatanuka tu unakuwa kama nuru ya malaika.

Uutoe mstari kwanza kwa mkono: `Clone Stamp`, mode iwe `Darken`, chukua rangi ya pembeni yake upite taratibu. Kama uko nje ya kichwa hata usihangaike, maski yako iingie ndani kidogo uukate wote. Ngozi ya plastiki yenyewe inaokolewa na chenga, kwa kiasi fulani, kwa sababu jicho likiona mchafuko linadhani chini yake kuna ngozi.

## Chenga

Nazipimaje? Jicho langu linachoka.

Fungua `Window > Histogram`, weka `Expanded View`, chagua na `Marquee` kakiboksi ka pikseli kama 40 kwa 40 kwenye paji la uso la jirani, mahali ambapo mwanga ni mmoja na hakuna kunyanzi. Soma `Std Dev`. Hiyo namba ni ukubwa wa chenga. Rudia kwenye sura uliyobandika, paji lenye mwanga unaofanana. GIMP nayo ina dirisha la Histogram lenye namba hiyohiyo.

Mtego uko hapa: Photoshop ili isikawie huwa inasoma kutoka kwenye nakala iliyopunguzwa, na kupunguza kunafuta chenga (tulishasema juu). Ukiona kapembetatu ka tahadhari kwenye kona ya histogramu kabonyeze mpaka `Cache Level` isomeke 1. Mimi nilikaa muda mrefu nashangaa namba zangu ni ndogo kuliko ninachokiona, kumbe ni hako kapembetatu.

Ukishapata namba mbili, kiasi cha kuongeza kinatoka kwa hesabu ileile ya kuzidisha, kutoa na kipeuo, safari hii bila kugawa. Jirani ana 6, sura ina 2.5: 36 toa 6.25 ni 29.75, kipeuo ni kama 5.5. Yani unaongeza karibu 5.5, sio 3.5 kama ungetoa kawaida.

Niweke Add Noise moja kwa moja kwenye sura?

Hapana, utajuta. Weka kwenye leya yake juu ya sura: leya mpya, `Edit > Fill` uchague `50% Gray`, alafu `Filter > Noise > Add Noise`, chagua `Gaussian`, tiki `Monochromatic`, na uibane kwenye sura kwa clipping mask. Mode ndo swali. Wengi wanaweka `Overlay` kwa sababu ndivyo walivyoona kwa mtu. `Overlay` inazipa nguvu chenga kwenye mwanga wa kati na kuzizima kuelekea kwenye giza, hiyo ni tabia ya filamu. Kwa picha ya dijitali unataka zibaki mpaka kwenye kivuli chini ya kidevu, kwa hiyo weka `Linear Light` na `Opacity` 50%. Kwa nini 50? `Linear Light` inazidisha mara mbili, nusu yake inakurudishia chenga kama zilivyo.

Namba ya `Amount` haiwi sawa na `Std Dev`, usitegemee. Weka, soma histogramu, rekebisha, soma tena.

Nimeweka lakini zinaonekana kama pilipili manga imemwagwa.

Kila doti yako ni pikseli moja kamili, na kamera haitoi chenga za hivyo. Kila pikseli ya kamera inaona rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, zile nyingine inaazima kwa majirani, kwa hiyo chenga zinasambaa kwenda pikseli za pembeni. Baada ya `Add Noise` weka `Gaussian Blur` ya 0.3 mpaka 0.6 kwenye leya ya kijivu. Zitapungua nguvu, ongeza `Amount` mpaka histogramu irudi kwenye namba yako. Hako ka-blur kadogo ndo kanatenganisha kazi ya kuaminika na ya pilipili.

Za rangi je?

Leya ya pili ya kijivu, ondoa tiki ya `Monochromatic`, `Amount` kubwa, blur 2 mpaka 3 ili ziwe mabaka ya rangi. Usizidishe. Kabla ya hapo angalia chaneli ya bluu peke yake kwenye picha, hasa kama ukumbi ulikuwa na taa za njano: taa hizo zina bluu kidogo sana, kamera inaikuza, na chaneli hiyo inakuwa chafu kuliko zote.

Kuna njia ya kuazima chenga kutoka kwenye picha yenyewe?

Ipo, na ndo naipenda kuliko zote. Tafuta ukuta mtupu au pazia lisilo na mikunjo kwenye picha hiyohiyo, lenye mwanga unaokaribiana na ngozi. Chagua kipande kikubwa kuliko sura, kikopi kwenye leya mpya, kisogeze juu ya sura, alafu `Filter > Other > High Pass` radius 3 au 4. Kitageuka kijivu chenye chenga tupu. `Linear Light`, `Opacity` 50%, kibane kwenye sura, basi. Ukubwa wa doti, rangi, hata kasoro za kamera vyote vimekuja vyenyewe bila kukisia.

Mipaka yake: ukuta uliopakwa chokaa ya mabonde mabonde utakuletea ukuta usoni, na ukuta wenye giza kuliko ngozi una chenga nyingi kuliko inavyotakiwa, shusha opacity. Kama ukuta ni mdogo usiunakili mara nne kama vigae, jicho linaona marudio haraka sana. Na mabaka makubwa ya rangi `High Pass` inayafuta, hayo utayatengeneza kama swali lililopita.

Chenga zimelingana katikati ya uso, lakini kuna kama pete laini inazunguka.

Hili swali nilikaa nalo miezi kabla sijaelewa. Maski yako ina kingo zilizolainishwa, ni sawa, lakini pale kwenye ukingo picha mbili zinachanganyika nusu kwa nusu, na chenga mbili tofauti zikichanganywa hivyo hazibaki zilivyo, zinapoozana mpaka kama asilimia 70. Kwa hiyo unapata mkanda msafi umezunguka uso, upana sawasawa na feather yako. Feather ya pikseli 20 inatoa pete ya kuonekana kabisa.

Dawa ni kuibana maski, feather 1 mpaka 3, mshono upite kwenye ukingo wa asili kama nywele, kola au kivuli cha taya. Ukishindwa kwa sababu mshono unapita shingoni, toa clipping mask kwenye leya ya chenga, ipe maski yake, alafu chora kwa brashi chenga kidogo juu ya ule mkanda tu.

## Kazi moja mwanzo mpaka mwisho

Ile picha ya sendoff ulifanyaje? Tupe namba.

Mama mmoja wa Area C alikuja na picha ya watu kumi na mmoja, imepigwa ukumbini usiku kwa ISO 6400, na kijana wake yuko Mwanza hakufika. "Mwanangu, mtie hapo nyuma ya shangazi yake, asionekane ametiwa." Kijana akatuma selfi ya mchana. Nikamwambia atume kama Document, sababu iko kwenye swali la WhatsApp chini. Bahati nzuri kulikuwa na mjomba mwenye mwili kama wake, amekaa nyuma kidogo, nikapata pa kumsimamisha, mwili nikautoa kwa mjomba huyo na suti yake kwenye picha nyingine ya usiku huohuo, ikabaki sura tu.

Sura kwenye selfi ilikuwa na upana wa pikseli 1240, vichwa vya mstari wa nyuma vilikuwa na 310, nikaipunguza mpaka 25%. Nikashusha mwanga, nikaongeza njano. Ukingo wa kola ya jirani pikseli 4, wa sura 1.5. Hesabu ikatoa 1.5, nikaweka hiyo, macho yakalainika kuliko ya jirani, nikarudi 1.3 nikaacha hapo. Hesabu inakufikisha mlangoni, kuingia ni kwa macho.

Chenga: paji la jirani 6.5, sura baada ya blur 1.2. Kipeuo cha 42.25 toa 1.44 ni kama 6.4, yani sura ilikuwa safi kiasi kwamba ilihitaji karibu chenga zote. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulikuwa mtupu, nikaazima hapo, lakini wenyewe ulikuwa na giza kidogo na ukasoma 8. 6.4 gawa kwa 8 ni 0.8, kwa hiyo badala ya opacity 50% nikaweka 40%. Histogramu ikasoma 6.3. Mabaka ya rangi nikaongeza kidogo sana kwenye upande wa kivuli.

Kilichonisumbua mwisho ni meno. Selfi ilikuwa na tabasamu la jua, meno meupe, na chenga kwenye sehemu nyeupe hazikaagi sana. Nikafungua `Blend If` ya leya ya chenga nikavuta upande wa mwanga ili zipungue kwenye meno. Mama alipoiona alicheka, alafu akaniuliza kwanini mwanae hajavaa tai.

## Kona ngumu

Sura ni ya picha ya zamani iliyoskaniwa, ya marehemu baba, picha mpya ni ya kamera.

Skani angalau kwa dpi 600, alafu angalia karatasi yenyewe. Picha nyingi za studio za zamani zilichapwa kwenye karatasi yenye vijishimo kama sega la nyuki, na skana inaona kila kijishimo. Hizo sio punje, ni karatasi, na hazitakiwi. Skani mara mbili, ya pili umeigeuza picha kichwa chini, zigeuze zilingane, changanya nusu kwa nusu: vivuli vya vijishimo vinapingana na vingi vinapotea, ila punje zinabaki.

Alafu punguza punje zilizobaki kwa `Reduce Noise`, acha kidogo, na umalizie kwa chenga za picha mpya. Punje za filamu na chenga za dijitali kwenye picha moja hazipatani hata `Std Dev` zikilingana, kwa sababu mabonge yake ni makubwa. Mara nyingine nageuza kazi: nawaambia familia tuipeleke picha yote kwenye nyeusi na nyeupe, na nusu ya matatizo inaondoka.

Picha kubwa imetoka WhatsApp, ina viboksi boksi. Chenga hazilingani kabisa.

Kwa kutuma kwa kawaida WhatsApp huwa inapunguza picha na kuibana, na JPEG ikibanwa sana inagawanya picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8. Chenga zinafutwa, vinabaki viboksi. Kwanza omba faili la asili, litumwe kama Document. Kama halipo tena, basi na sura nayo ipitie njia hiyo: maliza kazi, hifadhi nakala kama JPEG ya ubora wa chini, ifungue, ivute juu ya kazi yako ikae pikseli kwa pikseli, alafu ionyeshe kwenye sura tu kwa maski. Viboksi vinaanza kuhesabiwa kona ya juu kushoto, kwa hiyo usikropu picha kabla ya hapo, vitapishana na vya zamani.

Si nimwagie tu chenga picha nzima, zifunike kila kitu?

Inasaidia, haimalizi. Tuseme sura ina 2 na picha ina 6, yani mara tatu. Ukimwaga 5 juu ya vyote, sura inakuwa kama 5.4 na picha 7.8. Pengo limepungua sana lakini lipo, na picha yote imechafuka. Linganisha kwanza, alafu kama unataka mwage kidogo mwisho kama chumvi.

Kwenye skrini iko safi, nikiprinti inaonekana. Au kinyume.

Hukumu kazi kwenye 100% tu. Kwenye 66.7% au 33% programu inakuchanganyia pikseli na chenga zinadanganya. Kuprinti A4 kwa dpi 300 kunaficha mengi. Kuprinti kwenye turubai kubwa la ukumbini kunafichua yote, hasa ukali, kwa hiyo uliza mapema picha inaenda wapi.

Naweza kufanya kwa simu?

Photopea inafunguka kwenye brauza ya simu na Add Noise ipo, ila kwa kidole na skrini ndogo kuhesabu pikseli za kola ni mateso. Zile apu zenye filta ya filamu zinamwaga punje picha nzima, soma hapo juu swali la kumwagia chenga picha nzima.

Na picha ya pasipoti, au kitambulisho?

Hizo sishiki. Wanaokuja kuniomba niunganishe sura kwenye picha ya kitambulisho nawaelekeza wakae kwenye kiti, taa ziko tayari, napiga mpya dakika tano.